Mzee, Bwana, Sheikh na Mheshimiwa Wanapoingia Kwenye Kiingereza

"Mzee amesafiri." Maneno hayo mawili yakitoka kinywani mwa mtoto aliyekuja kufungua mlango, maana yake ni kwamba baba hayupo. Yakisemwa na mama mwenye nyumba, aliyesafiri ni mumewe. Katibu muhtasi akiyatamka ofisini, anamsema mkurugenzi, hata kama mkurugenzi huyo ana miaka 39 na kichwani hana unywele mweupe hata mmoja. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Tunamtazama msemaji, tunaangalia tulipo, tunajua mzee ni nani.

Kiingereza hakina neno moja la kuwabeba watu hao watatu pamoja na heshima yao. Kwa hiyo mtu anayefasiri sentensi hiyo analazimika kufanya kazi ambayo Kiswahili kimemwachia msikilizaji: kujua kwanza nani anasema, anamwambia nani, na wana uhusiano gani na huyo anayetajwa. Makosa mengi ninayoyaona katika tafsiri za majina ya heshima hayatokani na uhaba wa Kiingereza. Yanatokana na mfasiri kufungua kamusi kabla ya kuuliza maswali hayo.

Tuseme shahidi yuko mahakamani, anasema: "Mzee aliniita akanipa bahasha nimpelekee fundi." Tafsiri ya haraka itasema kwamba mwanamume fulani mzee alimpa bahasha. Kumbe shahidi ni dereva na mzee ni mwajiri wake. Kwa neno moja mfasiri ameingiza kwenye kesi mtu ambaye hayupo, na amemficha yule ambaye pengine ndiye kiini cha kesi. Mkalimani mzoefu hapo hukatiza kwa adabu, akamwomba hakimu ruhusa ya kumuuliza shahidi huyo mzee ni nani, kisha anaendelea. Ruhusa ya namna hiyo ni sehemu ya kazi yake, na ni heri ukimya wa nusu dakika kuliko kumbukumbu ya mahakama yenye mtu wa ziada.

Kwenye maandishi hakuna wa kuulizwa, lakini maneno ya jirani husaidia sana. "Mzee mmoja" kwa kawaida ni mtu mwenye umri mkubwa ambaye msemaji hamfahamu, na hapo ndipo umri unapofaa kutajwa. "Mzee wangu" katika masimulizi mara nyingi ni baba. "Wazee wangu wako kijijini" ni baba na mama wote wawili, na mfasiri asiyelijua hilo humwondoa mama kwenye habari. "Mzee wangu, vipi?" kati ya vijana wawili wa kituo cha bodaboda ni salamu ya urafiki tu, wala haina uhusiano na umri. Na "wazee wa baraza" katika hukumu ya ardhi kutoka Tanzania si wazee waliokaa chini ya mti. Ni washauri wanaokaa na mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba na kutoa maoni yao kabla ya uamuzi, na Kiingereza cha sheria kina neno lao mahususi, "assessors". Rufaa iliyofasiriwa ikisema "elders" inamfanya wakili wa nchi nyingine adhani shauri lilisikilizwa kimila.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanaokijua Kiingereza vizuri. Kiingereza cha mitaani kina msemo "my old man", na Mwingereza anaposema hivyo huwa anamaanisha baba yake au mume wake. Ukiangalia maana peke yake, umepata mwenza kamili wa mzee: baba ni huyo, mume ni huyo. Lakini kiwango cha adabu ni tofauti kabisa. Msemo ule ni wa mazoea, wa baa na wa utani, na mtu hausemi mbele ya mgeni anayemheshimu. Mzee kwetu humpandisha mtu. Binti aliyesema mbele ya wakwe "mzee wangu amewasalimu" akafasiriwa kwa msemo ule, ataonekana amemdhihaki baba yake mbele ya watu ambao alitaka wamstahi. Hapo "my father" inatosha kabisa, na heshima inayobaki ipelekwe kwenye kitenzi: si "alisema hujambo", bali "amenituma niwafikishie salamu zake".

Wengine hukimbilia "Elder". Neno hilo ni zuri kwa wazee wa kanisa la Kipresbiteri au la Kisabato, kwa kuwa huko ni cheo kinachojulikana. Mbele ya jina la mtu, hata hivyo, lina wenyewe. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wamisionari vijana wa miaka 19 au 20 ndio wanaoitwa hivyo, na Mmarekani akisoma "Elder Salehe" anaweza kumwona kijana mwenye shati jeupe na tai, ilhali sisi tunamsema babu wa wajukuu kumi.

Ushauri wangu kuhusu mzee ni huu: likiwa mbele ya jina, liachwe kama lilivyo. Magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki yamefanya hivyo kwa miaka mingi, na nchini Kenya neno hilo likiandikwa kwa herufi kubwa bila jina lolote, wasomaji wa umri fulani hujua kwamba ni Jomo Kenyatta. Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995 na kulegeza masharti ya biashara, alipewa na wananchi jina la Mzee Ruksa, na kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2021 zilibeba jina hilo kwenye jalada. Waandishi wa kigeni walizoea kulifasiri "Mr Permission". Ruksa imefika salama. Aliyebaki njiani ni mzee, na pamoja naye yale mapenzi ya watu waliomwona rais wao kama baba aliyefungua mlango wa duka. Mwandishi angeweza kuandika Mzee Ruksa, kisha akaeleza kwa sentensi moja jina lilikotoka. Sentensi moja si gharama kubwa.

Bwana ni kinyume chake. Hilo usiliache kwenye Kiingereza hivihivi, kwa sababu Kiingereza kilikwisha kulichukua zamani na kulitia doa. Katika vitabu vya wawindaji na walowezi, bwana alikuwa Mzungu mwenye bunduki, na waliomwita hivyo walikuwa wapagazi na wapishi. Mwaka 1952 Hollywood ilitoa filamu iliyoitwa Bwana Devil, iliyojengwa juu ya kisa cha simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli, na filamu kama hizo zililipeleka neno hilo kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kumsikia Mswahili. Mpaka leo Mwingereza wa makamo akikuta neno hilo kwenye sentensi ya Kiingereza, ananusa harufu ya ukoloni. Basi barua iliyoandikwa na karani wa Mombasa kwa karani mwenzake, "Bwana Omari, nimepata ujumbe wako", ikifasiriwa huku bwana akiachwa, inamgeuza mwandishi kuwa mtumwa na Omari kuwa mkoloni. "Mr Omari", au "Dear Mr Omari" kwa kuwa ni barua, ndilo jibu, na heshima haijapungua hata chembe.

Hapa pana jambo dogo la utaratibu linalowasumbua wengi. Sisi huweka jina la heshima mbele ya jina la mtu mwenyewe: Bwana Omari, Sheikh Abdalla, Mama Asha. Waingereza huweka "Mr" mbele ya jina la ukoo. Katika Kiingereza cha kwetu "Mr Omari" si kosa, kila mtu anaelewa. Kwa barua inayokwenda ubalozini au chuo kikuu cha ng'ambo, afadhali jina zima litajwe ili wao wenyewe wasikosee. Na kamwe bwana asigeuzwe "Sir" mbele ya jina. "Sir" peke yake ni adabu kwa mwanamume yeyote, lakini "Sir Omari" ni mtu aliyetunukiwa hadhi na mfalme au malkia wa Uingereza, na kumpa mtu cheo ambacho hakukipata si kumheshimu.

Ugumu wa bwana ni kwamba limetandaa kutoka mbinguni hadi shambani. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952, neno hilo likiandikwa kwa herufi kubwa zote ndilo jina la Mungu wa Agano la Kale. Waislamu humtaja Bwana Mtume. Kwenye harusi kuna bwana harusi, katika shule yako ya zamani alikuja bwana afya kukagua vyoo, na bwana shamba ndiye aliyewafundisha wakulima nafasi kati ya mche na mche. Katika hayo ya kazi, bwana halifasiriwi kabisa. Bwana afya ni ofisa wa afya, basi, na Kiingereza kina "health officer" tayari. Heshima yake iko ndani ya cheo. Na katika mazungumzo kuna bwana ambaye si mtu yeyote: "Twende bwana", "Acha bwana", maneno ambayo mwanamke humwambia shoga yake bila mmoja wao kuwa mwanamume. Hilo ni la kusukuma maneno mbele, na katika tafsiri mara nyingi huyeyuka kwenye mkazo wa sentensi.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote ni kwenye hati za kale za pwani. "Bwana wake" katika habari ya mwanamke wa karne ya 19 anaweza kuwa mume wake, na anaweza kuwa mtu aliyemmiliki. Mfasiri akiandika "husband" bila kuchunguza, ameufuta utumwa wa mwanamke huyo kwenye historia. Akiandika "master" bila kuchunguza, amemtia utumwani mwanamke aliyekuwa huru. Cha kutafuta ni maneno mengine kwenye hati ileile: je, imetajwa mahari, ndoa, talaka, eda? Au limetajwa neno mjakazi, suria, au kuachwa huru? Hati ikinyamaza, mfasiri mwaminifu aliache neno la Kiswahili na kuandika pembeni kwamba lina maana mbili. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali bwana abaki alivyo.

Wanawake wana shida yao. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika TANU miaka ya 1950, amewahi kupata majirani wengi wasiojua kama bibi ni jina lake au ni sifa. Kamusi ya haraka husema bibi ni mama wa mama au wa baba. Lakini Titi alizaliwa 1926, na alipopanda majukwaani alikuwa na umri wa chini ya miaka 40. Bibi yake ni ileile ya "mabibi na mabwana", ya mwanamke mwenye hadhi. Kwa kuwa historia imekwisha kumjua kwa jina hilo, waandishi wa Kiingereza hawaligusi, na wako sahihi. Vivyo hivyo Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858. Mwana hapo si mtoto, ni jina la heshima la mwanamke wa kiungwana, na mfasiri anayelifuata neno kwa neno atamfanya mama mtu kuwa mtoto.

Sheikh limo tayari katika Kiingereza, na hapo ndipo linapodanganya, kwa sababu mfasiri anadhani amepumzika. Msomaji wa London akiliona anafikiria kiongozi wa dini mwenye kilemba. Msomaji wa Dubai anafikiria mtu wa ukoo unaotawala, na wa Maskati anafikiria mkuu wa kabila. Katika Zanzibar na pwani ya bara kuna maana ya nne: mwanamume Mwislamu anayestahiwa na jamii yake, awe amesoma vitabu vikubwa vya fikihi au la. Abeid Amani Karume, aliyekuwa baharia kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Zanzibar, aliitwa Sheikh Karume na pia Mzee Karume, na hakuna aliyedhani kwamba alikuwa akitoa fatwa. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali na mwandishi, naye anatajwa mara nyingi kama Sheikh Shaaban Robert. Lakini Sheikh Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na mtaalamu wa kanuni za ushairi, alikuwa mwanachuoni na mbashiri wa Ahmadiyya kwelikweli. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili, alikuwa kadhi. Jina ni moja, watu ni wa aina mbili.

Kwa hiyo sheikh aachwe, lakini msomaji apewe msaada mdogo mara ya kwanza. Kwa Sheikh Farsy, kuongeza tu kwamba ni mwanachuoni wa Kiislamu kunatosha. Kwa Sheikh Karume, inafaa kuongeza kwamba watu wake walimwita hivyo kwa heshima. Na kuna sheikh wa tatu ambaye ni ofisa: tangu BAKWATA ilipoundwa mwaka 1968, Tanzania Bara ina Sheikh wa Mkoa, Sheikh wa Wilaya na Sheikh wa Kata, chini ya Mufti. Huyu ni lazima atafsiriwe kwa cheo chake kizima, "District Sheikh", ili ijulikane kuwa anasema kwa niaba ya chombo. Tahadhari moja zaidi kwa anayefasiri nyaraka za Zanzibar: sheha siye shehe. Sheha ni mkuu wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa serikali, na siku hizi masheha wengine ni wanawake. Barua ya utambulisho iliyogongwa muhuri wa sheha haikutoka msikitini.

Mheshimiwa, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote, ingawa linaonekana jepesi. Sisi tunalo moja kwa rais, kwa jaji, kwa hakimu, kwa balozi, kwa mbunge na kwa diwani. Kiingereza kimewagawa watu hao. Rais na balozi ni "Excellency". Jaji wa Mahakama Kuu, katika nchi zilizorithi mila ya Uingereza, huitwa "My Lord" au "My Lady", na hakimu huitwa "Your Honour". Mbunge ni "Honourable". Tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wakili anaweza kusema "Mheshimiwa" kuanzia mahakama ya mwanzo hadi ya rufani bila kukosea. Mwenye kufasiri mwenendo huo kwa Kiingereza ndiye anayepaswa kuvijua vyeo vyote, maana mfasiri akimwita rais "Honourable" amemshusha hadi ngazi ya mbunge, na akimwita diwani "Excellency" amempandisha hadi ubalozi.

Kiingereza pia hudai kujua jambo ambalo Kiswahili hakiulizi: mtajwa ni mwanamume au mwanamke. "Mheshimiwa Spika" ni ileile siku zote. Kwa Kiingereza cha bunge, Spika mwanamume ni "Mr Speaker" na mwanamke ni "Madam Speaker". Hansadi ya Dodoma ya mwaka 2009 na ya mwaka 2011 zina maneno yaleyale ya Kiswahili, lakini katikati hapo, mwezi Novemba 2010, Anne Makinda alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na tafsiri inabadilika. Tena haitoshi kujua Spika wa mwaka ule ni nani. Kuna vikao ambavyo Naibu Spika au mwenyekiti ndiye aliyeongoza, na wabunge hubadilisha namna ya kumwita papo hapo. Mfasiri makini hutazama mwanzo wa kila kikao ajue nani yuko kitini.

Tena wabunge wetu hurudia "Mheshimiwa Spika" karibu kila aya. Kwa masikio yetu hiyo ni pumzi ya msemaji, alama kwamba hoja mpya inaanza. Ikifasiriwa kila mara, Kiingereza kinalemea. Kwenye kumbukumbu rasmi ibaki yote, kwa sababu kumbukumbu si mahali pa kupunguza. Kwenye makala ya gazeti au muhtasari, mara ya kwanza na ya mwisho zinatosha, na zile za katikati ziwe mwanzo wa aya.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuupitishe wote. Mwenyekiti wa kijiji katika wilaya moja ya Tanga anafungua hotuba kwenye uzinduzi wa zahanati. Waliotoa fedha wako Ulaya na wanataka nakala ya Kiingereza. Anasema: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Sheikh wa Wilaya, Baba Paroko, Bwana Afya, Mzee Salehe uliyetupa kiwanja, wazee wangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

Mkuu wa Wilaya anapata "Honourable", kama serikali yenyewe inavyoandika. Diwani hahitaji neno la ziada kwa msomaji wa Uingereza, kwa kuwa huko "Councillor" peke yake ni jina la heshima linalowekwa mbele ya jina la mtu. Sheikh wa Wilaya anabaki na cheo chake kamili. Baba Paroko si mzazi wa mtu, ni padri anayesimamia parokia, na "Father" hapo inakubalika kwa Wakatoliki wa kila mahali. Bwana Afya anakuwa ofisa wa afya. Mzee Salehe anabaki Mzee Salehe, na kutajwa kwa kiwanja kunamweleza vya kutosha. "Wazee wangu" hapa si wazazi wa mwenyekiti, bali watu wazima wa kijiji, na "respected elders" inawafaa. Mabibi na mabwana wana mwenza wao anayejulikana na kila mtu. "Itifaki imezingatiwa" ina tafsiri iliyozoeleka katika Kiingereza cha Afrika, "all protocols observed", lakini mtu wa Ulaya atajiuliza itifaki ipi. Kwake yeye ni bora kuandika kwamba msemaji anawasalimu wageni wote kwa vyeo vyao.

Mpangilio nao ni heshima, usibadilishwe. Mhariri wa Ulaya atakuja na kalamu, atafupisha orodha nzima kuwa "wageni waalikwa". Hapo mfasiri aitetee sehemu moja angalau: jina la aliyetoa kiwanja. Wakubwa wametajwa kwa sababu ya nafasi zao, na nafasi zao zitajulikana kwa njia nyingine. Mzee Salehe hana nafasi serikalini wala msikitini. Akiondolewa hapo, hotuba haina mahali pengine pa kumshukuru.

Kisha inakuja aya ya pili, na hapo ndipo heshima hupotea kimyakimya. Vyombo vingi vya habari vya Kiingereza, shirika la AP likiwa miongoni mwao, humtaja mtu kwa jina zima mara ya kwanza, na baadaye kwa jina la ukoo tupu. Gazeti la New York Times ni miongoni mwa machache yanayoendelea kuweka "Mr" au "Ms". Mhariri akifuata kanuni ya kwanza ataandika "Salehe said", na babu wa miaka 80 aliyetoa ardhi yake atakuwa ameitwa kama mwanafunzi anayeitwa majina darasani. Mwandishi wa habari wa huko hakukusudia dharau, na msomaji wake hataiona. Lakini nakala hiyo itarudi kijijini. Mjukuu aliyesoma hadi kidato cha nne ataifasiri kwa Kiswahili mbele ya familia, na babu atasikia jina lake likitamkwa tupu. Kwa hiyo mfasiri aandike "Mzee Salehe" tangu mwanzo hadi mwisho na amweleze mhariri kwamba hilo ni sehemu ya jina lake. Wahariri wanalielewa jambo hilo likisemwa mapema, kwa kuwa na wao wana watu wao, mapadri na madaktari na wenye nishani za mfalme, ambao hawathubutu kuwaandika majina matupu.